Fomula inasema 34, jenereta inasema 17: turbaini ya gesi na uwiano wa presha

Mwaka 1939 kampuni ya Brown Boveri ilifunga turbaini ya gesi ya kuzalisha umeme katika mji wa Neuchâtel, Uswisi. Ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani kuhudumia umeme wa mji. Majaribio yake yalisimamiwa na Profesa Aurel Stodola, mzee wa miaka 80 wakati huo. Vipimo vilivyoandikwa ni hivi: turbaini ilitoa kilowati 15,400, kompresa ikala kilowati 11,400, jenereta ikabaki na 4,000. Ufanisi ulikuwa asilimia 17.4.

Sasa chukua kitabu chochote cha thermodinamiki, tafuta fomula ya ufanisi wa mzunguko wa Brayton, weka uwiano wa presha wa mtambo ule, takriban 4.4. Utapata asilimia 34 na ushee. Yaani nusu nzima imepotea njiani. Watu wengi wakiona hivyo wanadhani mtambo wa 1939 ulikuwa mbovu. Haukuwa mbovu hata kidogo, na fomula nayo haijakosea. Hebu tuone nusu ile imekwenda wapi.

Tuanze na mzunguko wenyewe. Hewa inavutwa kutoka nje na kompresa inaibana. Inabanwa haraka kiasi kwamba joto halipati muda wa kuingia wala kutoka, kwa hiyo kazi yote iliyotumika kuibana inageuka kuwa ongezeko la halijoto. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli anajua jinsi pampu inavyochemka. Hatua hiyo ndiyo huitwa adiabati. Kisha hewa iliyobanwa inaingia kwenye chumba cha mwako na kupashwa moto. Chumba hiki kiko wazi mbele na nyuma, hakuna valvu inayofunga, kwa hiyo gesi ikipata moto haiongezi presha. Inatanuka tu na kukimbia kuelekea kwenye turbaini. Hapo presha haibadiliki. Hatua ya tatu ni adiabati tena: gesi inatanuka ikipita kwenye mapanga ya turbaini, inayazungusha, na yenyewe inapoa. Mwisho gesi inatupwa nje, inapoteza joto lililobaki kwa presha ya kawaida ya hewa, na hewa mpya inavutwa. Kwa kalamu tunasema mzunguko umefungwa, ingawa kwa kweli anga ndiyo inayofanya hatua hiyo ya nne bure.

Jina la Brayton limetokana na Mmarekani George Brayton, ambaye injini yake ya miaka ya 1870 ilikuwa ya pistoni, haikuwa na turbaini kabisa. Vitabu vya Ulaya aghalabu huuita mzunguko wa Joule.

Tuzipe halijoto nne namba. T1 ni hewa inapoingia, T2 baada ya kubanwa, T3 baada ya moto, T4 gesi inapotoka kwenye turbaini. Zote kwa kelvini, tafadhali, maana ukitumia selsiasi uwiano wote unavurugika.

Jambo la kuzingatia ni hili. Kompresa inaipandisha hewa kutoka presha ya chini hadi ya juu, na turbaini inaishusha kutoka presha ileile ya juu hadi ileile ya chini. Katika adiabati isiyo na upotevu, uwiano wa halijoto unaamuliwa na uwiano wa presha peke yake. Kwa hiyo kompresa ikizidisha halijoto kwa kiasi fulani, tukiite k, basi turbaini itaigawa kwa k hiyohiyo:

```
k  = r^((γ−1)/γ)
T2 = k × T1
T3 = k × T4
```

Hapa r ni uwiano wa presha, na γ kwa hewa ni 1.4, kwa hiyo kipeo ni 0.286. Toa mstari mmoja katika mwingine, utaona kwamba T3 − T2 ni sawa na k mara (T4 − T1). Upande wa kushoto ni joto tuliloingiza, upande wa kulia ndani ya mabano ni joto tulilotupa. Kwa maneno mengine, joto linaloingia ni mara k ya joto linalotupwa. Tukitupa sehemu moja katika k, kilichobaki ni kazi:

```
η = 1 − 1/k = 1 − 1/r^((γ−1)/γ)
```

Ndiyo hiyo fomula. Angalia T3 imepotea kabisa. Kwa mujibu wa fomula, uwe umepasha gesi hadi nyuzi 500 au 1,500, ufanisi ni uleule mradi r haijabadilika. Hapa ndipo mwanafunzi mwenye akili huuliza: kama ni hivyo, kwa nini wahandisi wanahangaika na mapanga ya aloi ghali yanayovumilia moto mkali? Si waongeze presha tu?

Jibu limo ndani ya namba za Neuchâtel, basi tuzifanyie hesabu. Gesi iliingia kwenye turbaini ikiwa na nyuzi 538 za selsiasi hivi, yaani kelvini 811. Hewa ya nje tuichukulie ni nyuzi 20, yaani kelvini 293. Kwa r ya 4.4, k ni 1.527. Kwa hiyo T2 ni 447 na T4 ni 531.

Kazi nitaihesabu kwa digrii, kwa sababu tukichukulia hewa haibadiliki tabia, kila digrii moja kwa kila kilo ina thamani ileile ya nishati, karibu kilojuli moja. Turbaini inatoa 811 − 531, sawa na digrii 280. Kompresa inadai 447 − 293, sawa na digrii 154. Zinabaki 126. Joto lililoingizwa ni 811 − 447, sawa na 364. Gawa 126 kwa 364 upate asilimia 34.6, kama fomula ilivyoahidi.

Lakini tazama deni lenyewe. Hata kwenye mtambo kamilifu, usio na msuguano wowote, zaidi ya nusu ya kazi ya turbaini inarudishwa kwa kompresa kupitia shafti. Tunachouza kama umeme ni tofauti kati ya namba mbili kubwa. Na tofauti ya namba mbili kubwa ni kitu chepesi kuyumba, kwa sababu ukigusa kidogo huku na kidogo kule, ndiyo inayoumia.

Tuguse basi. Chukulia kompresa na turbaini kila moja ina ufanisi wa asilimia 86, ambao kwa enzi ile ulikuwa wa kujivunia. Kompresa sasa haidai 154, inadai 154 ÷ 0.86, sawa na 179. Turbaini haitoi 280, inatoa 280 × 0.86, sawa na 241. Zinabaki 62. Joto la kuingiza limepungua kidogo, kwa kuwa hewa inatoka kwenye kompresa ikiwa na moto zaidi (kelvini 472), kwa hiyo ni 339. Ufanisi: 62 ÷ 339, asilimia 18.3. Ondoa presha kidogo inayopotea kwenye chumba cha mwako na upotevu wa jenereta, unafika palepale alipofika Stodola.

Kila mashine imepoteza asilimia 14 tu, lakini kilichobaki mkononi kimekatwa nusu. Shusha ufanisi wa kila moja hadi asilimia 70 uone. Kompresa itadai 220, turbaini itatoa 196. Mtambo hauwezi hata kujizungusha wenyewe. Zima mota ya kuuwashia na unasimama, moto ukiwaka. Ndiyo maana Mnorwe Ægidius Elling alipofanikiwa mwaka 1903 kupata nguvu farasi 11 tu za ziada, lilikuwa tukio kubwa. Wazo la mzunguko lilikuwa limeeleweka zamani. Kilichokosekana ni kompresa nzuri.

Sasa turudi kwa T3 iliyopotea kwenye fomula. Ukipasha gesi zaidi bila kubadilisha r, deni la kompresa halibadiliki hata chembe, kwa sababu hewa inabanwa kabla ya kuona moto. Lakini malipo ya turbaini yanapanda. Pengo linapanuka, na upotevu uleule unauma kidogo. Hiyo ndiyo kazi ya moto mkali: kwenye mtambo kamilifu unaongeza wingi wa kazi tu, ila kwenye mtambo wa kweli unaokoa na ufanisi pia.

Je, kuongeza presha peke yake? Tubaki na 811 ileile. Ukipandisha r hadi karibu 35, k inakuwa 2.77 na hewa inatoka kwenye kompresa tayari ina kelvini 811. Hakuna nafasi ya kuweka moto. Fomula itakuonyesha asilimia 64 kwa furaha kabisa, huku kazi inayotoka ni sifuri. Asilimia 64 ya sifuri haiwashi taa. Kazi nyingi zaidi kwa kila kilo ya hewa inapatikana pale T2 na T4 zinapolingana, ambapo kwa halijoto hizi ni r ya karibu 5.9. Wale wa Neuchâtel walikuwa chini kidogo ya hapo, na ukizingatia upotevu wa mashine zao, nadhani walichagua vizuri.

Hesabu hii ya deni na malipo si ya makumbusho. Mitambo ya gesi ya Kinyerezi, Dar es Salaam, inafuata mzunguko huuhuu, na yeyote anayevuta hewa karibu na bahari anavuta pia chumvi na vumbi. Vichujio vinazuia nyingi, si zote. Uchafu ukiganda kwenye mapanga ya kompresa, ufanisi wake unashuka taratibu. Tuseme kwenye mtambo wetu wa mfano umeshuka kutoka asilimia 86 hadi 83. Deni la kompresa linapanda kutoka 179 hadi 186, ongezeko ambalo halionekani la kutisha. Lakini hizo digrii saba kasoro zinatoka kwenye zile 62, yaani zaidi ya sehemu moja katika kumi ya umeme wote.

Fundi anaweza kuligundua bila kufungua chochote. Anasoma presha na halijoto ya hewa inapoingia kwenye kompresa na inapotoka. Kama uwiano wa presha ni uleule na hewa ya nje ni ileile, lakini inayotoka imepanda moto kwa nyuzi sita au saba kuliko siku mtambo ulipokuwa safi, kazi inaishia kwenye uchafu. Dawa yake ni kuuosha: mtambo unazimwa, unapoa, unazungushwa polepole kwa mota ya kuwashia huku maji yenye sabuni yakinyunyiziwa mdomoni mwa kompresa, kisha unasuuzwa na kukaushwa. Ukiwashwa tena, halijoto ya kutoka inasomwa upya na kulinganishwa na ile ya zamani.