Dawa za asili za usingizi: hatari inapokuja ukichanganya na pombe, vidonge au usukani

Mwaka 1996 madaktari nchini Marekani waliripoti kisa cha mwanaume wa miaka 54 aliyefikishwa hospitali akiwa amelegea, amechanganyikiwa, hajui yuko wapi. Alipopimwa pombe, hakuwa nayo. Kipimo cha dawa kilionyesha kitu kimoja tu: dawa ya kutuliza wasiwasi, ambayo alikuwa ameandikiwa na daktari. Alisema hakuzidisha dozi.

Baada ya saa kadhaa alianza kupata nafuu. Ndipo ikajulikana kwamba kwa siku tatu alikuwa anatumia pia kava, aliyoinunua kwenye duka la vyakula vya afya. Haihitaji cheti cha daktari, ni mzizi tu wa asili, au sivyo?

Kava ni mmea wa jamii ya pilipili manga unaotoka visiwa vya Pasifiki kama Fiji, Tonga na Vanuatu. Mizizi yake husagwa, ikachanganywa na maji, watu wakanywa kwa kupokezana kifuu cha nazi. Nje ya visiwa hivyo huuzwa sana kama vidonge. Valeriani yenyewe ni mzizi wa Ulaya wenye harufu ya soksi zilizovaliwa wiki nzima. Ukiishi Ujerumani utaikuta dukani kwa jina la Baldrian, kwa vidonge, chai au matone. (Jina linafanana na Valiamu, lakini ni vitu viwili tofauti kabisa.)

Mara nyingi kwenye kundi hili utakuta pia hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, na mmea wa jamii ya pasheni. Unaweza kukuta mitatu au minne imechanganywa kwenye kidonge kimoja.

Sasa yule mgonjwa alipatwa na nini?

Ubongo una breki zake. Kemikali inayoitwa GABA ndiyo hupunguza kasi ya mawasiliano ya neva ili mtu atulie na kulala. Pombe inakanyaga breki hiyo. Diazepamu na alprazolamu, dawa aliyokuwa anatumia yule mgonjwa, zinakanyaga hiyo hiyo. Kava nayo inakanyaga, na valeriani inadhaniwa kufanya hivyo kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa hiyo ukichanganya viwili, ni kama umeongeza dozi ya kitu kile kile.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo watu wengi hawalifikirii. Ini ndilo linalovunja dawa ili zitoke mwilini, na linatumia vimeng'enya fulani kufanya kazi hiyo. Kava inaweza kuvibana vimeng'enya hivyo. Yule mgonjwa alikuwa pia anatumia simetidini, dawa ya tumbo, ambayo inajulikana kuchelewesha uvunjaji wa alprazolamu. Kwa maana hiyo dozi ile ile ya kila siku inaweza kukaa mwilini muda mrefu na kujilimbikiza. Mtu anaweza kusema kweli kabisa kwamba hakuzidisha, na bado akazidiwa.

Ni kisa kimoja, na kisa kimoja hakithibitishi kila kitu. Lakini njia zilizomfikisha pale zinajulikana.

Na bia mbili je?

Tuseme umekunywa bia mbili za nusu lita kati ya saa mbili na saa nne usiku. Kwa mtu wa kawaida, ini linahitaji kama saa tano kuiondoa pombe hiyo. Ukimeza valeriani saa tano usiku, pombe bado imo mwilini mpaka karibu saa saba. Kwa hiyo hata kama unasema "bia niliimaliza zamani", umevichanganya. Na soma chupa vizuri: matone ya valeriani mara nyingi yametengenezwa kwa pombe.

Valeriani peke yake ni dawa ya upole. Shirika la Dawa la Ulaya linataja miligramu 400 hadi 600 za dondoo kavu ya mzizi, nusu saa hadi saa moja kabla ya kulala, na linasema haifai kwa watoto chini ya miaka 12. Shirika hilo hilo linaonya kwamba inaweza kupunguza uwezo wa kuendesha gari, na kwamba haipendekezwi kuichanganya na dawa nyingine za usingizi bila usimamizi wa daktari.

Tena haifanyi kazi haraka kama kidonge, wengine huhitaji wiki mbili hadi nne kuona tofauti. Hapa ndipo mtego ulipo. Usiku wa kwanza mtu haoni kitu, anaongeza kidonge cha pili, halafu anamalizia na kile cha hospitali kilichobaki kabatini. Wengine huongeza piritoni, ambayo nayo inaleta usingizi.

Barabarani

Uchunguzi wa ajali uliofanyika Fiji na kuchapishwa mwaka 2016 ulilinganisha madereva waliopata ajali zenye majeruhi na madereva wengine. Kuendesha baada ya kunywa kava kulihusishwa na uwezekano wa ajali ulio mkubwa karibu mara nne, hata baada ya kuzingatia mambo mengine. Wanywaji wa kava hunywa nyingi, hivyo usilinganishe moja kwa moja na kidonge kimoja. Ila kumbuka kwamba kile kifaa cha polisi cha kupulizia hakiwezi kuiona kava. Kikisoma sifuri kinakuambia habari za pombe tu.

Asubuhi nayo ina shida yake. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipunguza dozi ya kuanzia ya zolpidemu kwa wanawake, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu baadhi yao walikuwa wanaamka na dawa ya kutosha mwilini kuharibu udereva. Hicho ni kidonge peke yake. Ukikiongezea mzizi juu, halafu saa kumi na moja alfajiri uko kwenye bodaboda, uko kwenye hatari ambayo hakuna aliyeipima. Ukianza dawa yoyote ya aina hii, anza siku ambayo kesho yake huendeshi.

Kama tayari uko kwenye vidonge vya usingizi na unataka kuhamia kwenye mizizi, usiviache ghafla. Kuacha ghafla diazepamu au alprazolamu uliyoitumia muda mrefu kunaweza kuleta degedege. Daktari hupunguza dozi kidogo kidogo. Na kava usiiguse kama una tatizo la ini, kwa kuwa imehusishwa na ini kuharibika vibaya. Uingereza ilipiga marufuku kuiuza mwaka 2003.

Mtu akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, akapumua polepole au kwa kukatakata, midomo ikabadilika rangi, na ukimtikisa haamki, huyo hajalala. Mlaze ubavu, usimpe kahawa wala maji, mpeleke hospitali haraka. Beba na kopo la dawa alizotumia, pamoja na zile za asili, kwa sababu vipimo vya kawaida vya hospitali havionyeshi kava wala valeriani.