Jinsi Cavendish Alivyoupima Waya kwa Saa

Mwaka 1797, nyumbani kwake Clapham, eneo ambalo wakati ule lilikuwa nje ya jiji la London, Henry Cavendish alitundika ufito wa mbao wa futi 6, kama mita 1.8, kwenye waya mwembamba wa shaba. Kila ncha ya ufito ilibeba tufe dogo la risasi la gramu 730 hivi. Ufito na waya vilikuwa ndani ya sanduku, na nje ya sanduku kulikuwa na matufe mawili makubwa ya risasi, kila moja likiwa na kilo 158. Hayo makubwa aliweza kuyasogeza kwa kamba akiwa nje ya chumba, ama upande huu wa matufe madogo, ama upande ule.

Fikra ya kifaa hicho ilikuwa ya kasisi na mwanasayansi John Michell, aliyefariki mwaka 1793 kabla ya kukitumia. Cavendish alikirithi kupitia mtu wa tatu, akakijenga upya karibu chote. Alitaka kujua densiti ya dunia: je, dunia yetu ni nzito mara ngapi kuliko maji ya ukubwa uleule? Ili apate jibu ilimbidi apime mvuto wa tufe moja la risasi kwa jingine, kisha aulinganishe na mvuto wa dunia nzima kwa tufe lilelile.

Matufe makubwa yanapokaribia, yanayavuta madogo, ufito unazunguka kidogo, waya unasokotwa. Waya nao unasukuma kurudi ulipokuwa. Pale nguvu hizi mbili zinapolingana, ufito unatulia mahali papya. Kwa hiyo mtu akijua ufito umezunguka kwa pembe gani, na akijua waya unapinga msokoto kwa nguvu kiasi gani, ameujua mvuto. Pembe ilionekana kwa darubini. Lakini upinzani wa waya ungepimwa vipi?

Sehemu ya jibu ilikuwa imepatikana Ufaransa. Mwaka 1784 Charles-Augustin de Coulomb alieleza majaribio yake juu ya nyaya za chuma na za shaba. Aligundua kwamba waya ukisokotwa kidogo, upinzani wake unakua sawasawa na pembe: pembe mara mbili, upinzani mara mbili. Kila waya basi una namba yake moja inayoeleza ukaidi wake. Wanafizikia huiita konstanti ya msokoto na kuiandika κ. Coulomb aliona pia kwamba namba hiyo inapungua kadiri waya unavyokuwa mrefu, na kwamba inategemea unene wa waya kwa kiwango cha kushangaza: inafuata kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara nne. Waya wenye kipenyo mara mbili ni mkaidi mara kumi na sita.

Kanuni hiyo ya unene inaonyesha kwa nini haifai kuikokotoa κ kwa kupima waya wenyewe. Ukikosea kipenyo kwa asilimia 5 tu, κ yako imepotoka kwa zaidi ya asilimia 20, na hakuna waya ulio mnene sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Kuusokota waya kwa nguvu inayojulikana nako hakuwezekani kirahisi. Waya wa Cavendish ulikuwa laini kiasi kwamba nguvu inayolingana na uzito wa miligramu chache, ikisukuma umbali wa mita 1 kutoka kwenye waya, ingetosha kuuzungusha ufito kwa nyuzi karibu 57. Hakuna mkono wala kamba ya kusukuma kwa upole kiasi hicho na kwa kipimo cha kuaminika.

Njia iliyobaki ni kuuacha ufito uyumbe wenyewe. Uzungushe kidogo kisha uuachie: waya unaurudisha, ufito unapita katikati kwa kasi, unausokota waya upande wa pili, unarudi tena. Hiyo ndiyo pendulumu ya msokoto. Mwendo wake unaamuliwa na vitu viwili. Cha kwanza ni ukaidi wa waya, unaoharakisha marudio. Cha pili ni uzito wa ufito na matufe pamoja na umbali wa uzito huo kutoka kwenye waya, unaochelewesha kila kitu; hiki huitwa inesha ya mzunguko, I. Muda wa kwenda na kurudi, yaani kipindi T, unafungamana navyo hivi:

T = 2π√(I/κ)

Ukiigeuza fomula hiyo ili κ ikae peke yake, unapata:

κ = 4π²I/T²

Kwa hiyo mwenye saa nzuri, mizani na rula anaweza kuujua ukaidi wa waya bila kuugusa. Tena pendulumu hii ina sifa mbili zinazoifanya iaminike. Nguvu inayoirudisha inatoka kwenye waya tu, si kwenye mvuto wa dunia kama ilivyo kwa pendulumu ya saa ya ukutani. Na kwa kuwa upinzani wa waya unakua sawasawa na pembe, kipindi ni kilekile iwe imeyumba sana au kidogo. Mtikisiko unapofifia kwa sababu ya hewa, muda wa kila mzunguko haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana.

Sasa tuifanye hesabu ya Cavendish kwa vipimo vya leo. Umbali kutoka tufe dogo moja hadi jingine ulikuwa mita 1.86, kwa hiyo kila tufe lilikuwa mita 0.93 kutoka kwenye waya. Tukiuacha ufito mwenyewe pembeni, kwa kuwa ulikuwa mwepesi, inesha inapatikana kwa kuzidisha uzito wa matufe mawili, kilo 1.46, kwa 0.93 na tena kwa 0.93. Jibu ni 1.26. Kipindi kilikuwa dakika 14 hivi, yaani sekunde 840. Ukiziingiza namba hizo kwenye fomula ya pili, κ inatoka 0.00007 nyutoni mita kwa kila radiani.

Matufe makubwa yaliposogezwa kutoka kati kwenda upande mmoja, ncha ya ufito ilihama karibu milimita 4. Kwa mkono wa mita 0.93, hiyo ni pembe ya radiani 0.0043. Zidisha kwa κ, kisha gawanya kwa mita 1.86, na unapata mvuto kwa kila tufe dogo: nyutoni 0.00000016, kiasi cha uzito wa chembe moja ya mchanga laini. Hii ni hesabu ya makadirio, kwani Cavendish alirekebisha mambo mengi zaidi, ukiwemo uzito wa ufito na mvuto wa kila tufe kubwa kwa tufe dogo la upande wa pili.

Katika dakika hizo 14 pana mtego. Ukisoma taarifa aliyoichapisha mwaka 1798, utakuta muda wa dakika 7 na sekunde chache. Wanasayansi wa zama zake walihesabu mtikisiko mmoja kuwa ni kwenda tu, bila kurudi. Anayeichukua namba hiyo na kuiweka moja kwa moja kwenye fomula ya leo anaukosea ukaidi wa waya mara nne, kwa sababu T inazidishwa kwa yenyewe. Ni rahisi kuligundua kosa hilo: mvuto unaopatikana ni mara nne ya ule ambao fomula ya Newton inautaka, na densiti ya dunia inashuka hadi karibu moja na nusu ya ile ya maji, chini ya mawe ya kawaida tunayoyakanyaga.

Kupima muda kwenyewe kulihitaji akili. Ufito unapofika mwisho wa mwendo wake hukawia, unageuka taratibu, na hakuna jicho linaloweza kusema umegeuka sekunde ipi. Katikati ndipo unapokwenda kwa kasi. Kwa hiyo Cavendish aliandika muda ambao ncha ilipita mistari ya kipimo karibu na katikati, akaacha mitikisiko kadhaa ipite, akaandika tena, kisha akagawanya. Kosa la sekunde moja linalogawanywa kwa mitikisiko mingi huwa dogo sana. Na hakusubiri ufito utulie ili ajue kituo chake. Alisoma ncha tatu za mwendo zinazofuatana, akachukua wastani wa ya kwanza na ya tatu, kisha akatafuta kati ya wastani huo na ncha ya pili. Hivyo alijua ufito ungetulia wapi ilhali bado unayumba.

Waya wake wa kwanza ulikuwa laini zaidi, na mtikisiko wa upande mmoja ulichukua karibu dakika 15. Ulaini huo ulileta hatari: ufito ulihama mbali kiasi cha kukaribia kugusa sanduku. Alipoweka waya mgumu zaidi, muda ulishuka hadi nusu na mwendo wa ncha ukapungua hadi karibu robo. Tazama jinsi namba hizo zinavyokubaliana na fomula: muda ukiwa nusu, ukaidi ni mara nne, na waya mkaidi mara nne unasogea robo tu kwa nguvu ileile.

Kilichomsumbua zaidi ni hewa. Tofauti ndogo ya joto kati ya matufe makubwa na sanduku huanzisha upepo hafifu ndani yake, nao unaweza kuusukuma ufito kuliko mvuto wenyewe. Ndiyo maana alikaa nje ya chumba kilichofungwa na kusoma kwa darubini kupitia tundu la ukutani. Alipotaka kujua ubaya wa jambo hilo, aliyapasha matufe joto kwa taa makusudi na kuona ufito ukihama zaidi ya kawaida. Jibu lake la mwisho lilikuwa densiti ya 5.48. Baadaye Francis Baily aligundua kosa la hesabu, na jibu sahihi la vipimo vyake likawa 5.45. Kipimo cha leo ni 5.51.

Watu wanaopima nguvu ya mvuto siku hizi bado hutundika vitu kwenye nyuzi na kuhesabu vipindi, na hofu yao kubwa imehamia kwenye uzi. Mwaka 1995 Kazuaki Kuroda wa Japani alionyesha kwamba κ si namba moja kamili. Ndani ya uzi mna sehemu ndogondogo zinazolegea polepole baada ya kusokotwa, kwa hiyo uzi unaoyumba ni mkaidi kidogo kuliko uzi huohuo ukishikiliwa umetulia. Anayekokotoa mvuto kutokana na vipindi, akidhani κ haibadiliki, anapata jibu lililo juu kidogo ya ukweli. Dalili yake ni jinsi mitikisiko inavyofifia: uzi unaopoteza nguvu upesi hata mahali pasipo na hewa ndio unaodanganya zaidi.

Ndiyo maana kundi la watafiti wa Wuhan, China, lilitumia nyuzi za silika, ambazo hupoteza nguvu kidogo sana. Mwaka 2018 lilitoa majibu mawili. La kwanza lilitokana na vipindi, na la pili lilitokana na njia ambayo meza yote inazungushwa kuufuata ufito, ili uzi usisokotwe kabisa. Kila jibu lilikuwa na shaka ya sehemu 12 hivi kwa milioni, lakini majibu hayo yalitofautiana kwa sehemu kama 45 kwa milioni.