Beta ya Hisa: Jinsi Inavyokokotolewa na Inavyodanganya

Beta ni namba inayoonyesha hisa ya kampuni hupanda au kushuka kwa kiasi gani soko zima linapopanda au kushuka kwa asilimia moja. Hupatikana kwa kugawanya kiasi kimoja kwa kingine. Juu kuna kovarianzi, yaani kipimo cha jinsi faida ya hisa na faida ya soko zinavyokwenda pamoja. Chini kuna varianzi ya soko, yaani kipimo cha jinsi soko lenyewe linavyotikisika. Mtu aliyeipa beta nafasi yake katika elimu ya fedha ni William Sharpe, Mmarekani aliyechapisha nadharia yake mwaka 1964 na kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 1990.

Kazi huanza na faida ya kila mwezi, wala si bei. Hisa iliyofunga mwezi uliopita kwa shilingi 500 na mwezi huu ikafunga kwa 515 imeleta faida ya asilimia 3. Kama kulikuwa na gawio, nalo huongezwa. Hasara huandikwa kwa alama ya kutoa. Soko nalo hupimwa vivyo hivyo kwa kutumia fahirisi yake.

Tuchukue mfano mdogo wa miezi sita. Soko limeleta asilimia 2, −1, 3, 0, −2 na 4. Hisa imeleta 3, −2, 5, 1, −4 na 3. Wastani wa soko ni 1, na wa hisa pia ni 1. Kila mwezi hupunguzwa wastani wake ili kubakiza kile kilichozidi au kupungua: soko linabaki na 1, −2, 2, −1, −3 na 3, hisa inabaki na 2, −3, 4, 0, −5 na 2.

Sasa namba za mwezi mmoja huzidishwa zenyewe kwa zenyewe, ya soko kwa ya hisa. Mwezi wa pili, −2 mara −3 ni 6, maana vyote viwili vilianguka pamoja, na kuanguka pamoja huhesabiwa sawa na kupanda pamoja. Mwezi wa nne hauongezi kitu, kwa sababu hisa ilikaa kwenye wastani wake. Jumla ya miezi yote ni 37. Ikigawanywa kwa 5, idadi ya miezi ikipungua moja, kovarianzi ni 7.4. Kwa varianzi, namba za soko huzidishwa kila moja kwa yenyewe: jumla ni 28, na ikigawanywa kwa 5 inatoka 5.6. Beta ni 7.4 gawanya kwa 5.6, yaani 1.32. Soko likipanda asilimia moja zaidi ya kawaida yake, hisa hii huelekea kupanda kama asilimia 1.32, likishuka, nayo hushuka kwa kiasi hicho.

Kwenye Excel, faida za soko zikiwa safu ya A na za hisa safu ya B, fomyula ni hii:

```
=COVARIANCE.S(B2:B7,A2:A7)/VAR.S(A2:A7)
```

Hapa kuna mtego. Herufi S mwishoni humaanisha kugawanya kwa 5, na ndugu yake COVARIANCE.P hugawanya kwa 6. Anayechanganya P juu na S chini atapata 1.10 badala ya 1.32, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaojitokeza. Njia ya kujikagua ni kuandika `=SLOPE(B2:B7,A2:A7)`, ambayo hutoa beta moja kwa moja. Majibu mawili yasipolingana, kuna kasoro kwenye fomyula. Miezi sita, bila shaka, inatosha kwa mfano tu. Wachambuzi wengi hutumia miezi 60, na hata hapo jibu ni makadirio.

Tatizo kubwa zaidi katika masoko kama ya Dar es Salaam na Nairobi halimo kwenye fomyula. Limo kwenye bei zenyewe. Hisa nyingi hazinunuliwi wala kuuzwa kila siku, na nyingine hupita wiki bila muamala hata mmoja. Siku hizo soko huendelea kuandika bei ya mwisho iliyojulikana, na kompyuta husoma kwamba hisa haikusogea.

Turudi kwenye mfano. Tuseme mwezi wa tatu, ambao hisa ilipanda asilimia 5, hapakuwa na aliyeuza. Bei ya zamani ikabaki ubaoni, na kupanda kote kukaonekana mwezi wa nne. Faida za hisa sasa zinasomeka 3, −2, 0, 6, −4 na 3. Wastani bado ni 1, na mwekezaji amefika mwisho wa miezi sita akiwa na mali ileile. Lakini jumla ya mazao imeshuka kutoka 37 hadi 22, kovarianzi imekuwa 4.4, na beta ni 0.79. Kwa mwezi mmoja wa ukimya, hisa yenye mtikisiko kuliko soko imegeuka kuwa hisa tulivu. Hivyo beta ndogo ya kampuni isiyouzwa sana haipaswi kusomwa kama dalili ya usalama kabla ya kuhesabu miezi yenye faida ya sifuri. Sifuri nyingi ni ishara ya bei iliyolala.

Dawa moja ilitolewa na Elroy Dimson mwaka 1979. Faida ya hisa hulinganishwa na faida ya soko ya mwezi huohuo na pia ya mwezi uliotangulia, kisha namba mbili zinazopatikana hujumlishwa. Kuchelewa kwa bei hunaswa kwa sehemu ya pili. Gharama yake ni kwamba kila namba inayoongezwa huja na kubahatisha kwake, kwa hiyo kwa data fupi dawa hii huweza kuyumbisha jibu zaidi ya ugonjwa.

Linabaki swali la soko lipi. Dar es Salaam ina fahirisi inayojumlisha kampuni zote zilizoorodheshwa, zikiwemo za Kenya kama KCB, na nyingine ya kampuni za ndani pekee. Hisa ya benki ya Tanzania hupata beta tofauti kwa kila moja. Nairobi suala ni Safaricom, ambayo kuna vipindi ilibeba zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima. Wastani wa beta za hisa zote, kila moja kwa uzito wake, lazima uwe 1. Kampuni moja ikiwa na uzito wa asilimia 60 na beta ya 1.2, imekwisha kuchukua 0.72 ya hiyo 1, na zilizobaki zote lazima ziwe na wastani wa 0.7, hata zikitikisika vipi. Beta ya kampuni ndogo inayopimwa kwa fahirisi ya namna hiyo hueleza zaidi inavyofuatana na kampuni kubwa moja kuliko inavyofuatana na uchumi. Baadhi ya wachambuzi huikokotoa mara ya pili kwa fahirisi isiyo na kampuni hiyo, kisha huyaweka majibu yote mawili mbele ya msomaji.