Ramani ya Karatasi Inapoingia Kwenye Kompyuta

Mwenye nyumba anapotaka kuongeza chumba, mara nyingi kitu pekee anachoweza kumpa mchoraji ni karatasi iliyokunjwa miaka mingi kabatini. Siku hizi karatasi hiyo hupigwa picha kwa simu, na amri ya IMAGEATTACH huileta ndani ya AutoCAD mara moja. Lakini programu haijui kwamba mstari ule mrefu ni ukuta wa mita 12. Inachokiona ni vitone vyeusi na vyeupe tu. Kazi yenyewe ni kuipa picha hiyo ukubwa wake wa kweli, na ni kazi inayoweza kuharibika bila mtu kugundua.

Tuchukue ramani ya nyumba iliyochorwa kwenye karatasi ya A4 kwa skeli ya 1:100. Upana wa nje umeandikwa 12000 na kina 9000, vyote kwa milimita. Kama ipo skana, itumike, kwa sababu simu iliyoinamishwa kidogo hufanya upande wa mbali uonekane mfupi. Kama hakuna, karatasi ilazwe mezani na picha ichukue kingo zake zote nne. Kingo hizo ni ushahidi: A4 ina milimita 297 kwa 210, hivyo urefu ukigawanywa kwa upana lazima upatikane 1.414 hivi, na kingo zinazotazamana ziwe sambamba. Zisipokuwa hivyo, picha inyooshwe kwanza kwa programu ya picha kama GIMP, ambayo ina kifaa cha kusahihisha mwinamo wa namna hiyo.

Picha ikishanyooka, hupewa kipimo. Mchoraji huandika SCALE, huchagua picha na sehemu ya kuanzia, kisha huandika R, huonyesha ncha mbili za ukuta wa mbele, na kuandika 12000. Programu hupiga hesabu yenyewe.

Wengi huteleza katika kuchagua mstari wa kutumia. Mlango unavutia, kwa kuwa kila mtu anajua upana wake ni milimita 900. Kwenye karatasi hii, hata hivyo, mlango ni milimita 9 tu. Ukikosea nusu milimita, unene wa kalamu tu, umekosea milimita 50 kwa kila 900, na nyumba ya mita 12 itapotoka kwa zaidi ya sentimita 66. Kosa hilohilo kwenye ukuta mzima linabaki sentimita 5. Kwa hiyo chagua kipimo kirefu kuliko vyote vilivyoandikwa.

Baada ya hapo usianze kuchora. Pima kina cha nyumba kwa DIST. Ukisoma 9000 au karibu sana, endelea. Ukisoma 8910, karatasi au picha imebanwa kwa asilimia moja upande huo, na SCALE haitakusaidia, kwa sababu inakuza pande zote kwa kiasi kimoja. Njia mojawapo ni kuifanya picha kuwa bloku kwa amri ya BLOCK, kisha kwenye dirisha la PROPERTIES kuweka 1.0101 katika Scale Y, yaani 9000 kugawanya kwa 8910.

Sasa picha ifungiwe kwenye leya yake ili isisogee, na kuta zichorwe juu yake kwenye leya nyingine. Hapa nina msimamo mkali: picha inaonyesha ukuta uko wapi, lakini urefu wake unaamuliwa na namba iliyoandikwa. Chumba kilichoandikwa 3600 kichorwe 3600, hata kama picha inasoma 3587. Skani ya vitone 300 kwa inchi hufanya kila kitone kiwe na upana wa milimita 8.5 za nyumba halisi, kwa hiyo usahihi mdogo kuliko huo haumo ndani yake.

Namba nazo zihojiwe. Kwa nyumba yetu, kutoka kushoto: ukuta 230, chumba 3600, ukuta 150, chumba 3200, ukuta 150, sebule 4440, ukuta 230. Jumla ni 12000 kamili. Kama jumla ingekuwa 11900, hakuna programu ambayo ingejua milimita 100 zimepotelea wapi. Ni lazima mtu aende na tepu kwenye nyumba yenyewe.

Zipo programu zinazogeuza picha kuwa mistari zenyewe, Inkscape ikiwemo. Kwa nembo zinafaa. Kwa ramani, mara nyingi huzunguka kingo zote mbili za wino na kuacha ukuta ukiwa vipande vidogo vingi visivyonyooka, na kuvisafisha huchukua muda kuliko kuchora upya.

Mwishoni chapisha kwa 1:100, ukihakikisha alama ya Fit to paper imeondolewa, kisha weka rula juu ya ukuta wa mbele. Lazima isome milimita 120.