Dawa ya kupe, mate na mboni: neva mbili zinavyosomwa mwilini

Kutoka Kitengela kuteremka barabara ya Namanga mpaka Kajiado mjini, maduka ya agroveti ni mengi, na dawa ya kupe haikosekani. Wenzetu wa Pwani walioko huko kwa kazi, na hata wafugaji wa Kilifi na Tana River, wanaijua. Tuseme kijana anaogesha ng'ombe kwa bomba la mgongoni, hana glavu, upepo unamrudishia dawa usoni na bomba linavuja mgongoni. Jioni mate yanamtoka, machozi yanamtiririka, tumbo linamkata na kuharisha, kifua kinakoroma, jasho linamlowesha, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Nyumbani watasema amekula kitu kibaya. Lakini mboni hazifinywi na chakula kilichochacha.

Viungo vya ndani huongozwa na neva za aina mbili tusizoziamrisha. Za kwanza ni simpathetiki. Hizi hutoka katikati ya uti wa mgongo, kuanzia sehemu ya kwanza ya kifua hadi ya pili ya kiuno. Kando ya mgongo, kulia na kushoto, zina vifundo vilivyopangana kama shanga za tasbihi. Uzi mmoja ukiingia huweza kuamsha vifundo kadhaa, na kutoka hapo nyuzi ndefu huenda kwenye viungo. Ndiyo maana mtu akishtuka hubadilika mwili mzima kwa pamoja: moyo mbio, mirija ya mapafu wazi, mboni pana, tumbo limetulia.

Za pili, parasimpathetiki, hutoka ncha mbili: juu kwenye shina la ubongo, na chini sehemu ya pili hadi ya nne ya sakramu, kule nyuma ya nyonga. Vifundo vyake haviko mgongoni, viko karibu na kiungo chenyewe au ndani ya ukuta wake, kwa hiyo kila kiungo hupata amri yake. Neva vagasi peke yake hushuka mpaka moyoni, mapafuni na sehemu kubwa ya utumbo. Kibofu na mwisho wa utumbo huhudumiwa na zile za chini. Kazi zake ni kupunguza mwendo wa moyo, kufinya mboni na mirija ya mapafu, kutoa mate na machozi, kusukuma tumbo na kukaza kibofu.

Linganisha sasa na kijana wetu. Karibu kila alichonacho ni parasimpathetiki iliyokosa breki. Neva hizi huzungumza na kiungo kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na kuna kimeng'enya kinachoifagia mara tu kazi inapokwisha. Dawa za kundi la organofosfeti hukifunga kimeng'enya hicho, na ujumbe unaendelea bila kukoma.

Jasho, je? Jasho ni la simpathetiki, na nyingi za neva hizo huisha kwa noradrenalini. Zile za tezi za jasho ndizo zilizotoka kwenye safu: zinatumia asetilikolini. Tena vifundo vya pande zote mbili hutumia asetilikolini, kwa hiyo sumu huweza kuchochea hata simpathetiki, na moyo ukaenda mbio badala ya polepole. Mapigo ya moyo peke yake yasikudanganye. Kifua kinachokoroma na mboni finyu vina uzito zaidi.

Mla muguka, tunayemwona sana Mombasa, ni kinyume chake. Kathinoni iliyomo huwafanya neva za simpathetiki watoe noradrenalini nyingi: mboni pana, mdomo mkavu, moyo mbio. Tazama macho na mate kwanza.

Hospitali hutoa atropini, ambayo huizuia asetilikolini kwenye viungo. Daktari huiongeza mpaka mapafu yakauke na moyo na shinikizo la damu vikae sawa. Hangojei mboni zitanuke. Lakini atropini haiponyi misuli ya kupumulia, ambayo nayo huendeshwa na asetilikolini kwa mlango mwingine, hivyo mgonjwa huweza kuhitaji mashine ya kumpumulia. Ndiyo sababu asibaki nyumbani hata akianza kupata nafuu.

Kabla ya hapo, mvue nguo zote, muoshe mwili na nywele kwa maji mengi na sabuni, nawe uvae glavu. Usimtapishe, wala usimlazimishe maziwa. Chupa ya dawa iende naye hospitali, kwa sababu si dawa zote za kupe ni organofosfeti. Amitrazi, kwa mfano, nayo hupunguza mwendo wa moyo na huweza kufinya mboni, lakini huleta usingizi mzito bila mafuriko ya mate na kamasi za kifuani, na tiba yake ni nyingine. Jina lililoandikwa kwenye lebo ndilo litakalomwonyesha daktari njia.