Anayepima Tena na Tena

Kwenye vituo vingi vya kupima virusi vya ukimwi kuna mteja ambaye wahudumu wanamjua kwa sura. Majibu yake hutoka hasi, hushukuru, huondoka, na wiki mbili baadaye yumo tena kwenye foleni, au amehamia kituo cha mtaa mwingine ambako hajulikani. Wengi humwona msumbufu. Ukweli ni kwamba anaumwa, ila ugonjwa wake si ule anaoutafuta.

Nimuunde Saidi, fundi friji wa miaka 34, mwenye mke. Mwaka na nusu uliopita alilala mara moja na mwanamke mwingine bila kinga. Tangu hapo amepima mara tisa.

Mtaalamu mzuri hamwambii aache mawazo. Kwanza anahakikisha swali la mwili limejibiwa sawasawa. Kipimo cha haraka kinaweza kukosa maambukizi mapya, ndiyo maana mtu hupimwa tena miezi mitatu ikishatimia tangu tukio. Saidi alipima mwezi wa nne, kisha mara kadhaa baadaye, na hakuna tukio jipya. Swali limefungwa. Vipimo zaidi vinaweza hata kumdhuru: asiye na virusi akipima mara nyingi, ipo siku atapata jibu la kutatanisha ambalo si la kweli, na hofu yote itawaka upya.

Kisha anaulizwa kuhusu usingizi, huzuni, hatia na kama amewahi kufikiria kujiua, maana sonona huandamana na hofu hii mara nyingi. Baada ya hapo mtaalamu anachukua tukio moja tu, la karibuni, na kulifuata hatua kwa hatua. Jumatatu usiku Saidi aligusa shingo, akahisi kivimbe. Wazo lililomjia: “Tezi zimevimba, vipimo vyote vilikosea.” Moyo ukaenda mbio, akatoka jasho, akalihesabu na jasho kuwa dalili. Akabonyeza shingo mpaka usiku wa manane. Asubuhi akapima. Nafuu ilidumu mpaka jioni, alipoanza kujiuliza kama sampuli yake ilichanganywa na ya mwingine.

Hapo ndipo ugonjwa unapojifunga. Wataalamu wa Uingereza Paul Salkovskis na Hilary Warwick waliueleza mzunguko huu mwaka 1986: uhakikisho hutuliza kwa muda mfupi, na kwa sababu unatuliza, mgonjwa huurudia, asipate nafasi ya kujifunza kwamba hofu hushuka yenyewe.

Mpango wa tiba unaanza kwa kuweka maelezo mawili mezani. La kwanza: Saidi ana virusi vilivyojificha. La pili: Saidi ana hofu kali ya virusi, na anayoyafanya yanailisha. Haombwi aamini la pili. Anaombwa alijaribu. Kwa siku tatu anabonyeza shingo kila saa na kuandika maumivu yake kwa alama kati ya 0 na 10. Kwa siku tatu nyingine haigusi. Siku za kubonyeza shingo huuma zaidi, na kwa Saidi jambo hilo lina uzito kuliko maelezo yoyote ya daktari, kwa sababu amelipima mwenyewe.

Sehemu ngumu ni kupunguza kutafuta uhakikisho. Hamu ya kupima ikija, anasubiri saa moja, kisha siku moja, kisha wiki, akiandika hofu yake inavyopanda na kushuka. Anaacha kusoma dalili kwenye simu. Mkewe, anayeulizwa kila usiku “Nimekonda?”, kwa makubaliano ya wote watatu anajibu: “Baba, swali hilo tulikubaliana silijibu,” kisha anabaki naye kwa mazungumzo mengine. Jibu hilo likitolewa kwa hasira, au bila Saidi kushirikishwa, litamfanya aende kuuliza kwingine kwa siri. Daktari naye awe mmoja, amwone kwa tarehe zilizopangwa, hofu iwepo au isiwepo, na asiagize kipimo bila dalili mpya inayoonekana au tukio jipya la hatari. Likitokea tukio la kweli, aende kituoni ndani ya saa 72 kwa dawa ya kinga. Hilo halikatazwi na tiba hii.

Tiba haimponyi kila mtu. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 444 wa hospitali waligawanywa makundi mawili. Waliopata tiba hii, kwa vikao 5 hadi 10, hofu yao ilipungua zaidi, ingawa waliorudi katika hali ya kawaida kabisa baada ya mwaka bado walikuwa wachache. Miongoni mwa waliotoa tiba hiyo walikuwamo wauguzi waliofunzwa kwa ajili ya kazi hiyo. Kwetu, ambako wanasaikolojia ni wachache, muuguzi au mshauri nasaha wa kituo anaweza kufundishwa. Na wewe unayekaa kwenye meza ya kupima, mteja akija mara ya tisa, kabla ya kumchoma kidole muulize lini mara ya mwisho alikuwa hatarini, na nafuu ya jibu lililopita ilidumu saa ngapi.