Kupiga Windows Upya: Kazi Kubwa Ni Kabla ya Kufuta

Karani wa chama cha msingi cha kahawa huko Kyerwa alitupigia simu kabla ya msimu kufunguliwa. Kompyuta mpakato ya ofisi, iliyonunuliwa mwaka jana tu, ilikuwa inachukua karibu dakika nne kuwaka hadi aweze kufungua daftari la mizani. Fundi mmoja alimwambia, "Lete tupige Windows, nusu saa imekwisha." Karani akasita, kwa sababu humo ndani kulikuwa na hesabu za kahawa za wakulima wote wa chama. Alifanya vizuri kusita. Kupiga Windows upya kunaweza kweli kurudisha kasi, lakini kilichofutwa bila kunakiliwa hakirudi.

Kwanza tulimwomba atazame kama tatizo ni programu au ni kifaa chenyewe. Unabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager linafunguka, kisha unachagua Performance. Upande wa Disk pameandikwa SSD au HDD. HDD ni diski ya zamani inayozunguka. Ikiwa yako ni hiyo, na inasoma asilimia 100 muda mrefu hata usipofanya kazi yoyote, Windows mpya itasaidia kidogo tu. Heri fedha ya fundi iende kwenye kununua SSD. Ya karani ilikuwa SSD, na RAM ya GB 8. Lakini kwenye Startup apps kulikuwa na programu 17 zinazojiwasha zenyewe: kinga ya virusi ya majaribio iliyokwisha muda, michezo, na vikumbusho vya mtengenezaji. Zote zilikuja na kompyuta kutoka dukani.

Hapo wengi hubonyeza Reset this PC. Njia hiyo ni rahisi, ila kwenye kompyuta nyingi hurudisha pia programu za mtengenezaji, na takataka zinarudi pale pale. Ndiyo maana tunazungumzia kuweka Windows safi kutoka kwenye flashi.

Maandalizi ya kwanza ni nakala. Usinakili Documents peke yake. Pitia Desktop, Downloads na Pictures, kisha ufungue programu ya hesabu uone inahifadhi kazi zake wapi. Wapo wanaosema, "Vitu vyangu viko D, ni salama." Mara nyingi C na D ni vipande viwili vya diski ile ile moja, na mtu akifuta vyote, D nayo inakwenda. Karani alinakili kwenye flashi mbili. Kisha tukamwambia jambo ambalo watu hulisahau: chomeka flashi hizo kwenye kompyuta nyingine, na ufungue mafaili yenyewe. Faili moja la mizani lilikataa kufunguka kwenye flashi ya kwanza. Angeligundua hilo baada ya kufuta, msimu ungeanza bila kumbukumbu.

Pili, leseni. Fungua Settings, kisha System, kisha Activation. Ukiona Active, andika pembeni kama ni Home au Pro, kwa sababu utaweka ile ile. Kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows dukani zina ufunguo wake ndani ya kifaa, na leseni itajirudia yenyewe ukiunganisha intaneti. Unaweza kuuangalia kwa kufungua PowerShell na kuandika:

```
(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey
```

Zikitokea herufi na namba, zinakili kwenye karatasi. Pasipotokea kitu, na Activation haisemi Active, basi huenda Windows uliyouziwa haikuwa halali, na kuipiga upya hakutakupa leseni.

Tatu, flashi ya kuwekea Windows. Inatakiwa ya GB 8 au zaidi, na isiwe na kitu unachokihitaji, maana itafutwa. Kwenye kompyuta yenye Windows unafungua microsoft.com/software-download/windows11, unashusha Media Creation Tool, nayo inaiandaa flashi. Inavuta GB 5 au zaidi, kwa hiyo fanya hivyo mahali penye intaneti nzuri, kama ukienda Kayanga au Omurushaka, si kwa bando la siku.

Siku ya kazi, chaji betri ijae, kwa sababu umeme ukikatika katikati na betri ni mbovu, itabidi uanze upya. Chomoa flashi zote zenye nakala. Hili tunalirudia: diski ya nje ikiachwa imechomekwa itaonekana kwenye orodha ya kufutwa, na mkono ukiteleza umepoteza kila kitu. Chomeka ile ya Windows peke yake, washa kompyuta huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwa HP ni F9, kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12. Ukiulizwa ufunguo, chagua I don't have a product key, kisha Home au Pro kama ulivyoandika.

Ukifika kwenye orodha ya vipande vya diski, kwa karani vyote vilikuwa Disk 0. Alivifuta kimoja kimoja mpaka pakabaki Unallocated Space peke yake, akachagua hapo na kubonyeza Next. Kipande alichokitumia mtengenezaji kurudishia programu zake kinafutika pia. Kompyuta ikijizima na kujiwasha mara ya kwanza, chomoa flashi. Ukiiacha, inaweza kuanza kazi upya toka mwanzo, nawe ukadhani imeharibika.

Karani alikwama mahali ambapo wengi hukwama. Windows ilimtaka aunganishe intaneti, lakini Wi-Fi haikuonekana, kwa kuwa draiva yake haikuwamo. Alichomeka simu yake ya Android kwa waya wa USB, akawasha USB tethering kwenye mipangilio ya simu, na kompyuta ikapata intaneti bila Wi-Fi. Baada ya kuingia, fungua mipangilio ya mtandao na uwashe Metered connection, la sivyo masasisho yanaweza kumeza bando lako lote. Draiva zilizobaki alizipata kwenye Windows Update.

Baada ya hapo kompyuta yake iliwaka chini ya dakika moja, na aliweka programu alizozihitaji tu: ya hesabu, ya kuandikia na kivinjari. Mafaili yalirudi kutoka flashi ya pili.

Kwa wenye kompyuta za zamani, tahadhari moja. Windows 11 inataka kifaa kiitwacho TPM 2.0, na Intel za kizazi cha 8 kuendelea. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyokidhi vigezo inaweza kuwekewa Linux Mint, ambayo ni bure, lakini uliza kwanza kama programu yako ya hesabu itafanya kazi humo.

Na kama fundi wako anasema nusu saa imekwisha, muulize swali moja kabla hujamkabidhi kompyuta: nakala iko wapi, na nani ameifungua?